Mteremko hupimwa, mparuzo hukisiwa: kuchagua mfereji wa kumwagilia Kisanga

Kisanga iko Wilaya ya Kilosa, katika jimbo la Mikumi, kwenye ukanda ambamo vilima vya upande wa Rubeho vinashuka kuelekea uwanda wa Mkata. Nchi ya namna hii humpa mhandisi wa umwagiliaji tatizo ambalo mwenzake wa Mbarali halijui sana. Kule Usangu ardhi imelala, na kazi yote ni kutafuta mteremko wa kuyafanya maji yaende. Hapa mteremko umezidi. Maji yako tayari kukimbia, na yakiachwa yafuate ardhi yatachimba mfereji mpaka ugeuke korongo. Kwa hiyo swali la msingi la mfereji wa Kisanga ni maji yaende kwa kasi gani, katika umbo gani, na mteremko unaobaki upelekwe wapi.

Jibu lake hutafutwa kwa hesabu fupi ya mtiririko sare, ambayo kila fundisanifu wa umwagiliaji ameifanya chuoni. Ina mambo manne: wingi wa maji kwa sekunde, mteremko wa sakafu ya mfereji, umbo la mkato wake, na mparuzo, yaani jinsi sakafu na kuta za mfereji zinavyoyakwaza maji. Katika manne hayo, matatu hupimwa au huchaguliwa. La nne hukisiwa. Hoja ya makala haya ni kwamba mifereji mingi ya udongo hushindwa kwa sababu ya hilo la nne: ilipigiwa hesabu kwa mparuzo wa siku ya uzinduzi, ikaja kuishi na mparuzo wa mwaka wa tatu.

Maji yakiacha kuongeza mwendo

Mtiririko huitwa sare pale ambapo kina cha maji ni kilekile kutoka mwanzo wa kipande cha mfereji hadi mwisho wake. Uso wa maji unashuka sambamba na sakafu, na kasi haibadiliki. Hali hiyo hutokea kwa sababu nguvu mbili zimelingana. Uzito wa maji unayavuta kufuata mteremko, na msuguano wa sakafu na kuta unayarudisha nyuma. Maji yakiwa na kina kidogo kupita kiasi, uzito hushindwa na msuguano, mwendo hupungua na kina hupanda. Kina kikizidi, mambo hugeuka. Mwishoni maji hutulia kwenye kina kimoja, na kina hicho ndicho mbunifu anachokitafuta, kwa kuwa ndicho kinachoamua urefu wa kingo na kama maji yatafikia kimo cha kuingia mashambani.

Kanuni inayotumika karibu duniani kote kwa kazi hii inaitwa kwa jina la Robert Manning, mhandisi wa Ireland aliyeiwasilisha mwaka 1889:

```
V = (1/n) × R^(2/3) × S^(1/2)
Q = A × V
```

V ni kasi ya wastani kwa mita kwa sekunde. S ni mteremko: kushuka mita 1 katika mita 1000 ni 0.001. A ni eneo la mkato wa maji. R ni eneo hilo likigawanywa kwa mzingo uliolowa, yaani upana wa sakafu pamoja na sehemu za kuta zinazoguswa na maji. Q ni wingi wa maji kwa sekunde. Kisha kuna n, namba ya mparuzo. Kwa saruji iliyosawazishwa vizuri n huchukuliwa kuwa 0.015 hivi. Kwa mfereji wa udongo ulionyooka na kutunzwa ni 0.025. Ukiota nyasi na kuachwa, inafika 0.040, na ukijaa matete inaweza kupita 0.060.

Tazama namna kanuni inavyozitendea S na n. Mteremko umo ndani ya kipeuo cha pili, kwa hiyo ukiukosea kwa nusu nzima, maji kwa kina kilekile yanapungua mpaka asilimia 71. Mparuzo hauna kinga hiyo. Ukitoka 0.025 kwenda 0.040, maji kwa kina kilekile yanashuka hadi asilimia 62. Namba tunayoipima kwa leveli na vigingi ina madhara madogo kuliko namba tunayoichukua kwenye jedwali kwa kukisia.

Mfereji wa mfano: lita 250 kwa sekunde

Tuchukue mfereji wa mfano, wa aina inayoweza kuchimbwa kwenye nchi kama ya Kisanga. Unapaswa kuhudumia hekta 120 za mpunga. Kwa hesabu ya kukisia ya lita 2 kwa sekunde kwa kila hekta, ikihesabu na maji yanayonywea njiani, tunapata lita 240, na tunaipandisha kuwa 250, yaani 0.25 mita za ujazo kwa sekunde. Namba hii haitoki shambani peke yake. Lazima mto uwe nayo wakati wa kiangazi, na lazima iruhusiwe na kibali cha kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Kilosa imegawanyika kati ya mabonde mawili, Wami/Ruvu na Rufiji, hivyo kabla ya kalamu kugusa karatasi ni vyema kujua kijito kinachokusudiwa kinamwaga maji upande gani, na bodi ipi ya bonde inahusika.

Udongo wetu ni tifutifu wenye mchanga. Udongo wa namna hii hauvumilii kasi kubwa. Viwango vya Fortier na Scobey vya mwaka 1926, ambavyo bado vimo katika vitabu vya fani hii, vinauwekea kikomo cha mita 0.53 kwa sekunde maji yakiwa meupe. Huo ndio ukomo wetu wa juu. Ukomo wa chini ni kama mita 0.3 kwa sekunde, kwani chini ya hapo mchanga na tope huanza kutuama na kujaza mfereji. Mito inayoshuka kutoka milima ya Kilosa huja na mchanga mwingi wakati wa masika, kwa hiyo ukomo huo hauna mzaha.

Tunafanya kazi, basi, ndani ya uchochoro mwembamba kati ya 0.3 na 0.53.

Kwa umbo tunachukua trapeza: sakafu ya upana wa sentimita 60, na kuta zilizolazwa mita moja na nusu kwenda pembeni kwa kila mita moja ya kwenda juu, kwa sababu udongo wa mchanga ukichongwa wima huporomoka. Mteremko tuujaribu wa 1 kwa 1000, na n iwe 0.025 ya mfereji safi. Kina hakipatikani kwa hatua moja, kinatafutwa kwa kujaribu. Tukianza na sentimita 35, eneo la maji ni 0.394 mita za mraba, mzingo uliolowa mita 1.86, R ni 0.211. Kasi inatoka 0.45, na maji ni lita 177 tu. Hayatoshi. Tunapanda hadi sentimita 42: eneo ni 0.517, mzingo 2.11, R 0.244, kasi 0.49, na maji ni lita 255. Tumefika. Kasi ya 0.49 iko chini ya 0.53, kwa hiyo mfereji hautajichimba.

Wengi huishia hapa. Wanaongeza sentimita 30 za ziada juu ya maji, wanachora kingo zenye kimo cha sentimita 72, na mchoro unatiwa saini.

Mwaka wa tatu

Sasa mfereji huohuo, maji yaleyale, mteremko uleule, lakini nyasi zimeota kwenye kuta na sakafu ina mawimbi ya mchanga. Weka n ya 0.040. Kina kinachohitajika kupitisha lita 250 kinapanda kutoka sentimita 42 hadi 52, na kasi inaanguka hadi 0.35. Akiba ya sentimita 30 imebaki 20. Mfereji ukiachwa ukajaa matete na n ikafika 0.060, kina kinakuwa sentimita 63 na kasi 0.26, ambayo imeshapita ukomo wa chini. Mchanga unatuama, sakafu inapanda, kina kinazidi kupanda, na kingo za sentimita 72 zimebakiwa na kama sentimita tisa. Panya akitoboa tundu au ng'ombe akikanyaga ukingo, maji yanatoka hapo.

Hali hiyo haionekani mara zote kama mafuriko. Mara nyingi mlinzi wa banio huona maji yamejaa mpaka juu, akaamini kuwa mfereji umeshiba, akapunguza lango asije akavunja kingo. Mfereji umejaa kweli, ila kwa sababu maji hayaendi. Ikiwa kina kitazuiwa kisipite sentimita 42 za mchoro, mfereji wenye nyasi unapitisha lita 156 badala ya 250. Zimepotea lita 94 kila sekunde. Kwa kipimo chetu cha lita 2 kwa hekta, hizo ni hekta 47 zilizokosa maji, na daima huwa ni za wale wa mkiani. Watu hao hulalamika kwamba wa juu wanaiba. Pengine wanaiba kweli, lakini kabla ya kugombana inafaa kuuliza mfereji ulifyekwa lini mara ya mwisho.

Hapo ndipo kanuni ya kuchagua inapojitokeza yenyewe. Mfereji wa udongo hupigiwa hesabu mara mbili. Hesabu ya kwanza hutumia n ndogo, ya mfereji safi, na kazi yake ni kupima kasi: je, siku ile mfereji ni mpya na maji yanakwenda mbio kuliko wakati wowote, udongo utastahimili? Hesabu ya pili hutumia n kubwa, ya mfereji ulioota, na kazi yake ni kupima kina: je, siku ile maji yamepoa na kupanda kuliko wakati wowote, kingo zitatosha, na mchanga utaendelea kusafiri? Mteremko unaofaa ni ule unaofaulu mitihani yote miwili.

Tuujaribu utaratibu huo kwa miteremko mitatu, umbo likiwa lilelile. Kwa 1 kwa 500, mfereji safi unapata kina cha sentimita 35 na kasi ya 0.63. Umeanguka mtihani wa kwanza, kwani tifutifu itachimbika. Kwa 1 kwa 2000, mfereji safi unakwenda kwa 0.38, salama kabisa, lakini ukiota nyasi kasi inashuka hadi 0.27 na kina kinafika sentimita 61. Umeanguka mtihani wa pili, utajaa mchanga. Ni 1 kwa 1000 pekee unaopita kote: 0.49 ukiwa safi, 0.35 ukiwa na nyasi. Kingo tunazipa kimo cha sentimita 75 kutoka sakafuni, zinazoacha sentimita 23 juu ya maji ya mwaka wa tatu.

Umbo bora la kitabuni

Kitabu kitapinga upana wetu wa sentimita 60. Hesabu inaonyesha kwamba kwa kuta za mlalo huu, umbo linalopitisha maji mengi kwa eneo dogo kabisa ni lile ambalo upana wa sakafu ni kama 0.6 ya kina. Kwa mfereji wetu hilo lingekuwa sakafu ya sentimita 30 na kina cha sentimita 49. Linganisha maeneo ya mkato wa maji kwa lita 250 kamili: umbo bora lina 0.505 mita za mraba, letu lina 0.508. Tofauti haifiki asilimia moja.

Kwa akiba hiyo isiyoonekana, umbo bora linadai mengi. Sakafu ya sentimita 30 haimwachii mtu nafasi ya kusimama na beleshi na kuchota tope. Linachimbwa zaidi kwenda chini, na maji yake yakiwa chini zaidi yanapata shida kupanda kuingia majarubani. Umbo linalosafishika kirahisi husafishwa, na linalosafishwa hubaki na n ndogo. Kwa hiyo upana wa sakafu uchaguliwe kwa kumfikiria atakayeingia mferejini siku ya kazi ya pamoja, na mlalo wa kuta kwa kuusikiliza udongo. Hesabu itasamehe yote mawili.

Mita tisa zilizobaki

Tumechagua 1 kwa 1000. Lakini tuseme ardhi yenyewe inashuka mita 1 kwa kila 100, jambo la kawaida kwenye miguu ya vilima. Katika kilomita moja ardhi inashuka mita 10, na mfereji wetu umetumia moja. Mita tisa zimebaki.

Kuzipuuza na kuchimba kufuata ardhi ni kujitakia. Kwa mteremko wa 1 kwa 100 maji yaleyale yangekuwa na kina cha sentimita 23 na kasi ya 1.14, zaidi ya mara mbili ya kikomo. Isitoshe, kasi hiyo iko karibu na ile ambayo maji hushindwa kuamua kati ya kwenda kwa utulivu na kwenda kwa kishindo. Uso wake hujaa mawimbi, na kina kinapanda na kushuka bila sababu ya kuonekana.

Njia ya kwanza ni kuukwepa mteremko. Mfereji mkuu unapitishwa ubavuni mwa kilima, ukizunguka pamoja na mistari ya kimo, ukishuka kwa kiasi ulichopangiwa tu. Hivyo ndivyo wachimbaji wa mifongo ya Uchaga walivyofanya muda mrefu kabla ya Manning, wakiyaachia maji yenyewe yawaonyeshe wapi sakafu iko juu mno. Hasara yake ni urefu na makorongo ya kuvukwa.

Njia ya pili hutumika pale ambapo mfereji wa kati lazima ushuke moja kwa moja kuelekea mashambani: kujenga ngazi za kushushia maji. Kila ngazi inaangusha maji kwa kimo maalumu, kisha mfereji unaendelea kwa 1 kwa 1000 hadi ngazi inayofuata. Kwa ngazi za sentimita 75, mita tisa zinataka ngazi 12 katika kilomita, moja kila mita 83 hivi.

Kwenye ngazi ndiko mtiririko sare unakoisha, na ndiko makosa yanakoonekana kwa macho. Maji yakikaribia ukingo wa kuangukia hayasubiri kufika ndipo yabadilike. Yanaanza kuzama mita kadhaa kabla, kina kikishuka kutoka sentimita 42 hadi kama 22, na kasi ikipanda kupita mita 1.2 kwa sekunde. Hapo ukingoni saruji haina neno, lakini udongo ulio nyuma yake unalambwa. Ukiona sakafu imechimbika juu ya ngazi, na kuta zimepanuka mita mbili tatu kabla ya kufika kwenye saruji, usilaumu ubora wa saruji. Aliyechora aliacha ukingo wazi kwa upana wote wa mfereji.

Dawa yake ni kuubana ukingo. Badala ya kuyaacha maji yaangukie upana wote, unajengwa ukuta wenye uwazi wa mstatili katikati, uliopimwa ili kwa lita 250 maji nyuma yake yasimame kwenye kina kilekile cha sentimita 42. Kwa mfereji wetu uwazi wa upana wa sentimita 55 hivi unatosha, kizingiti chake kikiwa sawa na sakafu. Maji hayazami tena kabla ya wakati, na udongo wa nyuma unapumzika. Chini ya ngazi linahitajika beseni la kutulizia maji, maana yanayoanguka sentimita 75 yanatua kwa kasi ya karibu mita 3.8 kwa sekunde, na udongo wowote wa mferejini ukipokea kasi hiyo moja kwa moja utatoboka.

Tahadhari ya namna hiyo inahitajika pia juu ya malango na vigawa maji. Lango likiinua maji kwa sentimita 20 kwenye mteremko wa 1 kwa 1000, athari yake inarudi nyuma mita 200 na zaidi. Katika kipande chote hicho kina ni kikubwa na kasi ni ndogo kuliko hesabu ilivyosema, na mchanga hutuama hapo kwanza. Ajue hivyo anayepanga siku za kusafisha: beleshi lianzie nyuma ya malango.

Saruji na mawe

Linapotajwa suala la nyasi, wengi hujibu kwa neno moja: saruji. Jibu hilo lina ukweli, lakini si wote. Mfereji wa mstatili wa saruji laini, n ikiwa 0.015, wenye upana wa sentimita 60 na mteremko uleule wa 1 kwa 1000, unapitisha lita 250 kwa kina cha sentimita 58. Eneo lake la maji ni 0.35 mita za mraba dhidi ya 0.51 za udongo, na kasi ya 0.72 haiwezi kuudhuru. Pia unaruhusu mteremko mkali zaidi, hivyo ngazi zinapungua.

Lakini vijijini mara nyingi kinachojengwa ni ukuta wa mawe na saruji, kwa kuwa mawe yapo karibu. Ukuta huo ukiachwa na uso wake wa mawe bila kupigwa lipu, n yake ya kawaida ni 0.025, sawasawa na mfereji wa udongo uliotunzwa. Umezuia maji kunywea ardhini, umezuia kingo kuporomoka, na umepunguza makao ya nyasi. Mwendo wa maji haukuuongeza. Aliyechora kwa 0.015 kisha akajenga mawe wazi amejikuta na mfereji unaopitisha asilimia 60 ya alichoahidi. Hapa mjenzi hajaiba saruji na maji hayajakauka mtoni: namba moja ya jedwali ilichukuliwa kwenye mstari usio wake.

Kuusoma mparuzo wa mfereji uliopo

Kwa kuwa n hukisiwa wakati wa kuchora, mfereji ukishachimbwa hakuna udhuru wa kuendelea kuikisia. Inapimika kwa futi kamba, saa ya simu na kipande cha mti.

Chagua kipande kilichonyooka cha mita 20, mbali na lango au ngazi, mahali ambapo kina kinaonekana sawa mwanzo na mwisho. Pima upana wa sakafu na kina cha maji sehemu tatu, uchukue wastani. Angusha kipande cha mti katikati ya mfereji mita chache kabla ya alama ya kwanza, ili kifike pale kikiwa kimeshashika mwendo wa maji, kisha pima sekunde zake hadi alama ya pili. Rudia mara kadhaa, ukitupa kipimo ambacho mti ulinasa kwenye nyasi. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo kasi iliyopatikana huzidishwa kwa 0.85 hivi ili kupata ya wastani.

Tuseme kina ni sentimita 52, na mti unatumia sekunde 48. Kasi ya juu ni 0.417, ya wastani 0.354. Kwa umbo letu R ni 0.290. Kanuni ya Manning ikigeuzwa, n ni R^(2/3) mara kipeuo cha pili cha S, gawanya kwa V. Inatoka 0.039. Mfereji umeshafika kwenye hali ya pili ya mchoro. Baada ya kufyeka na kuchota mchanga, kipimo kilekile kinapaswa kurudi karibu na 0.025. Kisiporudi, kuna jingine: ama umbo limebadilika, ama mteremko haukuwa ule uliochorwa.

La mteremko hutokea zaidi ya inavyodhaniwa. 1 kwa 1000 ni sentimita moja katika mita kumi. Fremu ya mbao yenye timazi haiaminiki kwa udogo huo, kwa sababu kosa la kila hatua linalingana na mteremko wenyewe. Mfereji wa namna hii unapigwa leveli ya kweli, na vigingi vinachomekwa kila mita 20, kila kimoja kikiwa sentimita mbili chini ya kilichotangulia. Ukichimbwa kwa macho, utakuwa na vipande vilivyolala ambamo mchanga unajaa, na vipande vikali vinavyochimbika, ndani ya mita mia zilezile.

Hitimisho

Jimbo hilihili la Mikumi lina mfano wa mradi mkubwa: skimu ya Mwega huko Malolo, iliyojengwa kwa msaada wa Japani. Miradi mingine ya Kilosa itakuja kupitia Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, halmashauri au wakulima wenyewe kwa majembe yao. Yote itakabidhiwa siku ambayo mfereji ni msafi na maji yanakwenda vizuri, na siku hiyo haithibitishi chochote zaidi ya hesabu ya kwanza.

Kwa hiyo kamati ya skimu inapopewa mchoro, itafute namba ya n. Ikiikuta moja tu, na ni 0.025, imwombe mchoraji arudi na kina cha maji kwa 0.040, kimo cha kingo kwa kina hicho, na kasi itakayobaki. Ikiwa kasi hiyo iko chini ya mita 0.3 kwa sekunde, mteremko uongezwe au umbo libadilishwe kabla jembe halijainuliwa. Na n ile kubwa iandikwe kwenye kanuni za skimu kama kikomo cha kufyeka: mti unaoelea ukionyesha 0.040, zamu ya kusafisha imefika, hata kama kalenda haijasema.